Pantoni bado limefungwa kamba

Usiku wa sendofu ya shoga angu nilishika maiki, nikasimulia kisa ambacho tukiwa wawili jikoni tunakicheka mpaka tunashika ukuta, na ukumbi mzima hakucheka mtu. Wala sio kwamba walinuna, hapana, walikua wanaongea tu, wanafungua soda, mtoto analia kule nyuma, dijei kashusha muziki kidogo lakini unasikika, na mimi nikanyamaza ili wacheke, sasa dijei kuona kimya akadhani nimemaliza, akapandisha taarabu. Nikarudi kukaa. Shoga angu akaniangalia kwa jicho la huruma ambalo sitakaa nilisahau.

Na harusi yenyewe ilikua baada ya wiki mbili na mi ndo rafiki niliepangiwa kuongea. Msimu wa korosho, hela za watu zimetoka, hapa Mtwara mjini kila jumamosi kuna ukumbi umewaka, kwahiyo hata kujitoa nisingeweza, kila mtu kashaambiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Shoga angu anaogopa maji. Siku moja tulikua tunavuka kwenda Msangamkuu, tukapanda pantoni pale Feri, akafumba macho akaanza kusali, akanikabidhi simu na namba ya siri, akaniambia nimwambie mama yake anampenda, na muda wote huo pantoni lilikua halijaondoka. Basi. Ndo kisa. Na kizuri zaidi, kaja kuposwa na mtu wa wapi? Msangamkuu.

Sasa kwanini kilikufa? Nilifikiri ni mimi sina kipaji. Aliyenifungua macho ni mjomba angu, yeye ni dalali wa samaki pale pale Feri, kila siku anauza kwa mdomo mbele ya watu wanaogombana, mashine za boti zinanguruma, na wanamsikia. Nikamfata jioni nikamwambia mjomba shikamoo, nimeaibika. Akasema marahaba, hebu sema ulivyosema. Nikasema vile vile kama ukumbini. Akaniuliza, sasa hapo, pantoni lilikua limeondoka au halijaondoka?

Nikamwambia mjomba si nimesema halijaondoka. Akasema mimi nimesikia “lijaondoka”.

Na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho tangu nizaliwe naongea Kiswahili sijawahi kukiwaza. Kukanusha kwetu kumejificha kwenye kisilabi kimoja kidogo mwanzoni mwa kitendo, hicho “ha”. Mkazo hauangukii hapo, unaangukia karibu na mwisho wa neno, kwahiyo mtu anasikia vizuri “ndoka” na ile “ha” inamezwa na feni, na soda, na mtoto. Kichekesho changu chote kilikua kimebebwa na ile “ha”. Ikipotea hiyo, unabaki na habari ya msichana aliyepanda pantoni, likaondoka, akaogopa. Nani acheke hapo? Ni maskini ya Mungu tu.

Mjomba akasema pale sokoni hawezi kumwambia mtu “haijafika elfu hamsini”, akisema hivyo watu wanasikia hamsini wanaanza kutoa hela. Neno linalobeba mzigo anataka liwe nene, liwe fupi, na aliweke mwisho, akishalisema anafunga mdomo. Akaniuliza, sasa hilo pantoni kama halijaondoka ulikua unaona nini? Nikamwambia naona kamba, limefungwa pale. Akasema basi sema kamba.

“Pantoni bado limefungwa kamba.” Hakuna “ha” hapo wala “ja”. Neno la mwisho silabi mbili, yule wa mlangoni hata akidaka “kamba” peke yake anapata picha yote. Nilibadili kipande kimoja tu lakini nawaambieni kazi yote ilikua hapo.

Nikarudi nyumbani nikaandika upya kila sentensi kwa jicho hilo. Mfano nilikua na “mama yake mwambie nampenda, aliniambia hivyo huku ananipa simu”, sentensi ya kuandika meseji hiyo, ukumbini ni matope. Nikaikata vipande vinne. Kiswahili kinakubali kuhamisha maneno, kwahiyo kile unachotaka watu wabaki nacho sukuma kiende mwisho na kisifatwe na kitu, hata ka “hivi” au “yani”, maana kicheko kikianza kutoka halafu wewe bado una mkia wa sentensi watu wanakimeza ili wakusikilize, na kicheko kilichomezwa hakirudi.

Kadi yangu ilikua hivi, karatasi ngumu, herufi kubwa, kila pumzi mstari wake. Mkwaju mmoja / maana yake funga mdomo pumua mara moja. Mikwaju miwili // maana yake hapa wanacheka, nyamaza kweli kweli. Kipande cha katikati nakiweka kama kilivyokua:

Siku moja tukaenda Feri. /
Tunavuka Msangamkuu. /
Shoga angu kapanda pantoni. Kafumba macho. Anasali. /
Akanipa simu yake. Akanipa na namba ya siri. /
Akasema, mwambie mama, nampenda. /
Nikainua macho nikaangalia. /
Pantoni bado limefungwa… kamba. //
Jamani mnacheka, mi nilikua nishaanza kulia. /
Haya. Leo shoga angu ameolewa wapi? //

Huo mstari wa “jamani mnacheka” hauna kazi yoyote, na umewekwa makusudi. Mi nauita sentensi ya kutupa. Unaporudi baada ya kicheko nusu ya watu bado wanacheka, kwahiyo maneno yako ya kwanza yanapotea, ni lazima. Ukiweka hapo jina au jambo la muhimu limeenda na maji. Weka kitu ambacho akikikosa mtu hajapungukiwa, na wao wakikisikia ndo wanajua umerudi.

Kwenye sendofu nilikosea hata urefu wa kunyamaza. Nilihesabu moja tu, ooh hawajacheka, moyo ukanipanda. Kumbe ukumbi mkubwa haucheki kwa mpigo mmoja. Meza za mbele wanaanza, zile za nyuma kuna mtu anamuuliza jirani yake kasemaje, jirani anamwambia, ndo na wao wanacheka, wa mbele wakisikia wa nyuma wanarudia tena. Sio kwamba sauti inachelewa kufika, sauti inafika saa hiyo hiyo, kinachochelewa ni ile kuulizana. Kwahiyo kicheko kina mawimbi mawili, na mwenye haraka analikata lile la pili, halafu wale wa nyuma wanajiona hawahusiki na sherehe, wanarudi kwenye stori zao na hapo huwapati tena.

Na kusubiri mpaka kimya kabisa nako ni kosa, kukishakua kimya kuna mtu ataanza stori yake. Mjomba anasema ni kama kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni, unaruka wimbi likiwa linarudi, huisubiri bahari ilale. Mi nilichokua naangalia ni macho. Watu wakicheka wanaangaliana wao kwa wao, wakimaliza wanarudisha macho kwako, ukiona nusu ya macho yamerudi na kelele imeshuka, ingia.

Wasipocheka je? Nilijipangia, nahesabu mbili kimoyomoyo naenda moja kwa moja kwenye swali la “ameolewa wapi”, maana swali linajibiwa hata na mtu ambae hakusikia kisa. Bila kuomba msamaha na bila kueleza kichekesho, kwamba unajua nilimaanisha pantoni lilikua halijatoka. Ukishaeleza umezika.

Kuhusu dijei. Siku mbili kabla nilimpigia mshereheshaji nikaomba nimuone na dijei wake. Nikawaambia mambo mawili tu. La kwanza muziki uzimwe wote, usishushwe. Ule muziki wa chini chini ndo mbaya kuliko wote, maana mtu akikaa kwenye kelele anapaza sauti bila kujijua, jirani yake nae anapaza ili amsikie, meza ya pembeni nayo, mpaka ukumbi unapiga kelele kuliko spika. Nimekuja kusoma kwamba kuna daktari wa Kifaransa, Etienne Lombard, alilieleza jambo hili la kupaza sauti tangu mwaka 1911, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Ukizima muziki kabisa sauti za watu zinashuka zenyewe, sekunde chache tu, wala husemi naomba utulivu. Kwanza ukisema naomba utulivu unaongeza kelele, kila mtu anamwambia mwenzie nyamaza.

La pili nilimwambia dijei, kaka, mi ntanyamaza mara nyingi na ntanyamaza sana, usiweke kitu. Nikimaliza utaniona nanyanyua ua juu. Bila ua hakuna muziki. Akacheka akasema sawa dada, lakini nikaona kaandika kwenye simu yake, nikatulia.

Maiki nilifundishwa na fundi mitambo saa kumi jioni, ukumbi ukiwa mtupu. Vidole viwili kutoka mdomoni, na isizunguke, ukigeuza shingo na maiki ije. Nilikua na tabia ya kukumbatia kile kichwa chake cha wavu kama waimbaji wa singeli, akaniambia toa mkono hapo ndo kunapiga mluzi, maiki hizi zimeundwa kusikia mbele, ukiziba pembeni inaanza kusikia kila upande mpaka spika zenyewe. Akanionesha na pa kusimama, nyuma ya mstari wa spika. Akapunguza besi kwenye sauti yangu maana ukumbi ule unavuma, kuta tupu na bati. Watu hua wanaongeza besi wakidhani sauti inakua kubwa, inakua nene tu, maneno hayasikiki.

Nikakisoma chumbani kwa saa ya simu, dakika mbili na nusu. Mshereheshaji alinipa tano. Dada angu akasema basi ongeza kisa kingine cha kule bwenini, nikakataa, na nilikataa kwa sababu nyingine pia, visa vya bwenini mama mkwe hana haja navyo. Shemeji namtania, ni haki yangu, ila wakwe wamekaa pale na mashehe wamekaa pale.

Siku yenyewe sasa. Nimeitwa saa nne kasoro usiku, chakula hakijafunguliwa, hilo nililipigania maana vifuniko vya mabeseni ya pilau vikishafunguliwa hata malaika hasikilizwi. Muziki ukazimwa. Nikasimama nimeshika maiki sisemi. Aisee zile sekunde ni ndefu. Nikaona kelele inashuka, inashuka, nikasema, “Wa mbele mpo?” Wakasema tupo. “Wa kule mlangoni, wa karibu na jenereta, mpo?” Wakapiga kelele tupoooo, kwa sababu hua hakuna anaewauliza. Hapo nikawa nimeshawachukua.

Salamu nilizifupisha, asalamu aleikum, shikamooni wazee wangu, itifaki imezingatiwa. Kuna watu wanataja wageni mpaka mwenyekiti wa mtaa, wanamaliza hadhira kabla ya kuanza.

Nikaenda na kadi yangu. Feri. Msangamkuu, hapo tu upande wa bwana harusi wakashtuka wakakaa vizuri. Simu. Namba ya siri, wakacheka hapo, sikua nimepapangia, nikasubiri. “Mwambie mama, nampenda.” Mama mtu yuko meza ya tatu, watu wakamgeukia. Nikafunga mdomo, pumzi moja. “Pantoni bado limefungwa…” na nikamwangalia bibi harusi, keshafunika uso kwa kitambaa, “…kamba.”

Wa mbele waliangua. Nikashusha maiki kifuani ili nisiwapumulie kwenye spika, nikakaa nayo hapo. Ikaanza kushuka, mguu wangu mwenyewe ukataka kwenda, nikauzuia, na kweli kule nyuma ikapanda, nasikia mwanaume mmoja anasema “kambaaa!” anamrudishia mwenzie, na wa mbele wakageuka kuangalia nyuma wakaanza upya. Dijei mkono uko kwenye mashine, namuona kwa pembeni, anaangalia ua. Ua liko chini.

Nilichosahau kabisa kukipangia ni vigelegele. Shangazi wa bibi harusi akainuka, akapiga kigelegele, akapokewa na meza nzima, akaanza kuja mbele anacheza bila muziki, kashika elfu tano, ananitunza mimi mtoa hotuba. Kicheko unaweza kukikadiria, kigelegele huwezi, kina pumzi yake na kinaambukiza, na mtu akishakuja kukutunza huwezi kusema “haya” ukaendelea, ni dharau. Ikabidi niinamishe kichwa nipokee, nicheze nae hatua mbili, arudi kwake. Ikapita kama dakika nzima. Nilivyorudi kwenye maiki ile sentensi ya kutupa ilikua imeshachacha, “jamani mnacheka” wakati hawacheki tena. Nikaiacha, nikasema, “Shangazi nae ameniokoa, yeye anajua kuogelea.” Sio kwamba ilichekesha sana lakini ilifanya kazi ile ile ya kuwarudisha. Nikiambiwa nifanye tena ntaandika sentensi mbili za kutupa kwa kila kituo, moja ya kicheko na moja ya mtu kuja kutunza.

“Leo ameolewa wapi?” Wakajibu, Msangamkuu. “Wa nyuma sijawasikia.” MSANGAMKUU! Kile kiitikio kinasaidia pia yule aliyekua nje anaongea na simu, akiingia anasikia jibu mara mbili anajua tuko wapi.

Kituo cha mwisho nilikifanya kisitegemee masikio kabisa. Nikasema, “Shemeji. Nimekuletea mke. Na nimekuletea na hii.” Nikatoa chini ya meza laifujaketi la rangi ya chungwa, mjomba alinitafutia kwa wavuvi, nililiosha mara tatu na bado linanuka dagaa. Nikainua juu na mikono miwili. Sikusema neno. Hapo mawimbi mawili hayakuwepo, wote walilipuka kwa mpigo mmoja, maana kuona hakuna kuulizana kasemaje. Bwana harusi akainuka akalichukua akamvalisha mkewe juu ya shela, hilo sikulipanga na wala nisingethubutu kulipanga.

Nikawaombea dua fupi kwa sauti ya kawaida. Nilitaka nihakikishe watu wametulia kabla ya dua, kwahiyo pale nilisubiri kimya kabisa, sehemu pekee niliyosubiri hivyo. Amina. Nikanyanyua ua, dijei akaweka wimbo.

Dada angu alinipima kwa simu, dakika tano na sekunde kumi. Maneno ni yale yale ya dakika mbili na nusu.

Mjomba alikua meza ya pembeni na wazee wenzie. Nikamfata nikijua ntasifiwa. Akanishika mkono akasema, vizuri, ila pale kwenye “mwambie mama” ulienda haraka, mimi nilikua bado natafuna karanga. Sawa mjomba.

Jumatatu asubuhi bibi harusi akanitumia voisi, mashine ya pantoni inanguruma nyuma yake. Kuna kijana wa pale, yule wa kufungua kamba, kumbe usiku ule alikua kati ya wale wa mlangoni. Kashika kamba mkononi, anamwangalia, anasema, “Bibi harusi, sali kwanza umalize, nikufungulie.”